Hofu ya Jumapili jioni: kisa cha meneja wa kliaringi Mombasa

Aliyenijia kwa ushauri ni meneja wa shughuli katika kampuni ya kliaringi na fowadingi, yaani ya kuwatolea watu mizigo bandarini, hapa Mombasa. Ana miaka arobaini na kitu, mke na watoto watatu, na kazi ya bandari ameifanya tangu atoke chuoni. Alianza akiwa kijana wa kukimbiza makaratasi, akapanda akawa mtu wa kuandaa entri za forodha, na miaka michache iliyopita akapewa umeneja. Ameridhia kisa chake kiandikwe. Jina lake sitalitaja, la kampuni pia, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha nimeyageuza.

Siku ya kwanza alikuja na uamuzi tayari. "Dada, mimi nataka kuacha kazi. Jumapili ikifika jioni nafsi inanikataa kabisa."

Nikamwomba anisimulie Jumapili moja tangu asubuhi. Alisema hulala mpaka saa tatu, kisha yeye na familia wanavuka feri kwenda kula mchana kwa mama yake Likoni. Mchana ni mzuri, watoto wanacheza na binamu zao, yeye anazungumza na kaka zake. Halafu kama saa kumi na moja hivi tumbo joto linaanza. Wanaporudi, kwenye feri hasemi na mtu. Usiku anapiga pasi mashati yote ya wiki, kazi ambayo siku nyingine haigusi, na usingizi haumjii mpaka saa saba. Mkewe, aliyekuja naye mara ya pili, alilieleza kwa ufupi zaidi: "Jumapili jioni babake watoto hayupo, hata akiwa hapo kwenye kochi. Watoto wameshajua, hawamwulizi kitu."

Yeye mwenyewe alikuwa na maelezo yake. Kwanza alilaumu msongamano wa feri. Kisha akasema ni uchovu, kwamba kampuni inamfanyisha kazi ya watu wawili. Barua ya kuacha kazi alikuwa ameshaiandika kwenye simu, Jumapili moja saa sita usiku, akitaja sababu za kiafya.

Sikumwambia aache wala abaki. Hofu ya Jumapili inaweza kutoka sehemu nyingi, na dawa ya moja haitibu nyingine. Mtu akiacha kazi kwa sababu ya uchovu ambao wiki mbili za likizo zingeuondoa, amejiumiza bure. Na mtu akipewa mawaidha ya kulala mapema wakati kazi yenyewe ndiyo imemkaa vibaya, atalala mapema na hofu itamngojea palepale.

Kwa hiyo tulianza kwa kuondoa yale yanayoweza kuondolewa. Nilimuuliza kama uzito huo anao siku nyingine pia, kama huamka usiku wa manane asirudi kulala, na kama mambo aliyoyapenda yamepoteza ladha. Akijibu ndiyo kwa hayo, ninampeleka kwa daktari kabla ya kuzungumzia kazi, kwa sababu huenda ni sonona, nayo haina habari na kalenda. Jibu lake lilikuwa hapana. Jumamosi jioni bado anatazama mpira na majirani na anacheka. Jumatano anakula vizuri. Presha alikuwa ameshapimwa, iko sawa.

Usingizi ulikuwa na sehemu yake. Mtaalamu wa saa ya mwili Till Roenneberg na wenzake waliandika mwaka 2006 kuhusu watu wanaoishi kwa ratiba mbili, moja ya siku za kazi na nyingine ya mapumziko, mpaka mwili unafanya kana kwamba umesafiri nchi ya mbali na kurudi. Huyu bwana siku za kazi anaamka saa kumi na moja alfajiri, Jumapili anaamka saa tatu. Mtu wa namna hiyo Jumapili usiku hana usingizi hata kama anaipenda kazi yake. Nilimwambia Jumapili aamke saa moja. Akafanya hivyo, na akaanza kupata usingizi saa nne na nusu badala ya saa saba. Lakini tumbo joto la saa kumi na moja jioni halikusogea hata kidogo. Hapo tukajua kwamba kukosa usingizi kulikuwa jambo la pembeni.

Lingine tuliloliondoa ni upweke wa siku ya mapumziko. Daktari wa Hungaria, Sándor Ferenczi, aliandika mwaka 1919 kuhusu watu wanaougua Jumapili kwa sababu kazi imesimama na wamebaki na nafsi zao. Mtu wa aina hiyo ukimwongezea siku ya mapumziko unamwongezea ugonjwa. Kwa huyu tulikuwa na kipimo cha bure: sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, mwaka 2025 iliangukia Jumatatu. Nilimuuliza hofu ilikuja lini wikendi ile. Akafikiri, akasema Jumapili alikuwa salama kiasi, ila Jumatatu jioni alikosana na kila mtu nyumbani. Hofu ilihamia siku moja mbele. Basi iliifuata kazi, na Jumapili haikuwa na kosa lolote.

Baada ya hapo nilimpa karatasi ya Jumapili. Haina ufundi mwingi. Anaandika saa, mwili unafanya nini, sentensi au picha iliyopo kichwani wakati huohuo, na alichofanya baada ya hapo. Sharti ni moja: asiandike "nawaza kazi". Kazi ni kubwa mno, ndani yake mna watu, vyumba, simu, pesa na saa. Nilitaka ajue ni kipande gani.

Aliandika kwa majuma kadhaa. Nitanukuu maandishi mawili, kwa idhini yake.

"Saa kumi na nusu, kwa mama. Simu imelia, sijapokea. Ni yule wa vitambaa. Kontena yake ina siku ya tatu."

"Saa moja usiku. Nimemfokea mtoto kwa sababu ya rimoti. Nawaza kesho nitamwambia nini. Mfumo niliutaja wiki jana."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyonisimamisha. Nilimuuliza maana yake, akanyamaza muda mrefu. Kisha akanieleza jambo ambalo hata mkewe hakuwa amewahi kuelezwa, na ili lieleweke inabidi nieleze pesa za kliaringi zinavyotembea.

Mwenye mzigo anapoleta kontena, kampuni ya kliaringi inamwandalia entri kwenye mfumo wa forodha, iCMS. Mfumo unatoa namba ya malipo, ushuru unalipwa kwa namba hiyo, kisha mzigo unakaguliwa ikibidi, unaachiliwa, gharama za bandari na za kampuni ya meli zinalipwa, ndipo lori linaingia kubeba. Kwa mzigo unaobaki ndani ya nchi bandari ilikuwa ikitoa siku nne za bure. Zikipita, ada ya kuhifadhi inaanza kuhesabiwa kwa dola na inapanda kadiri siku zinavyoenda, na kampuni ya meli nayo ina hesabu yake ya kukaa na kontena. Kila mwenye mzigo anazijua siku zake kama mama anavyojua siku za mwanawe.

Wateja wengi hawalipi ushuru wenyewe. Wanatuma jumla ya pesa zote, ushuru, gharama za bandari na malipo ya wakala, kwenye akaunti ya kampuni ya kliaringi, na kampuni ndiyo inayolipa. Katika kampuni ya huyu bwana pesa hizo zilikuwa zikizungushwa. Mteja wa vitambaa akituma ushuru Jumanne, unatumika kulipia kontena ya mteja wa vipuri ambaye pesa zake zilizungushwa wiki iliyopita. Ushuru wa vitambaa utalipwa mteja mwingine akituma. Mambo yakienda vizuri, hakuna anayejua. Yasipokwenda vizuri, kontena ya vitambaa inapitisha siku nne, ada inaanza, na mtu anatakiwa ampigie mwenye mzigo amwambie mfumo unasumbua.

Mtu huyo ni meneja wa shughuli. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi kulikuwa na kikao ambapo bosi anapanga ni kontena zipi zilipiwe na zipi zingoje, na yeye anapewa orodha ya watakaopigiwa simu. Alikuwa hajui orodha hiyo itakuwaje mpaka Jumatatu, ila Jumapili jioni alikuwa ameshaanza kuikisia, kwa sababu wateja wenyewe walikuwa wameshaanza kupiga. Wengine alikuwa akiwajua tangu alipokuwa kijana wa makaratasi. Mmoja ni mzee aliyehudhuria arusi yake.

Watu wengi wanadanganyika na Jumatatu yenyewe, na yeye alikuwa mmoja wao. Aliniambia kwamba ikifika Jumatatu saa nne asubuhi anajisikia mwepesi, anafanya kazi vizuri, anajiuliza Jumapili alikuwa akiogopa nini. Kwa miaka miwili alichukua wepesi huo kuwa ushahidi kwamba kazi haina neno na tatizo ni yeye. Lakini wepesi wa saa nne maana yake ni kwamba simu zimeshapigwa. Uongo wenyewe unachukua dakika mbili, kuungojea kunachukua jioni nzima. Ukitaka kuijua kazi yako, usiiulize Jumatatu mchana peke yake, maana wakati huo lile unaloliogopa limeshapita na hutalikuta.

Bado sikuwa na hakika. Mzigo wa kazi nao ulikuwa mkubwa kweli, na mtu aliyechoka huona kila kitu kibaya. Nilihitaji kuona Jumapili yake pale kazi inapokuwa nyingi bila simu hizo, na bahati ikatuletea. Mtoto wa kijana anayeandaa entri alilazwa hospitali, na kwa wiki mbili meneja akashika nafasi yake. Bosi akachukua simu za wateja mwenyewe. Wiki hizo mbili mteja wangu alikuwa akitoka nyumbani alfajiri, anaandaa entri, kisha anakwenda kwenye vituo vya makontena upande wa Changamwe kusimamia ukaguzi, kwenye jua, mpaka jioni. Saa zake za kazi ziliongezeka.

Alipokuja alikuwa anaomba radhi. Karatasi ya Jumapili ya katikati ilikuwa na mstari mmoja tu: "Nimechoka. Nimelala saa tatu." Alidhani ameharibu zoezi kwa kutoandika.

Katika karatasi zote alizoniletea, ile ndiyo iliyokuwa na maana kuliko zote. Amefanya kazi zaidi, amechoka zaidi, na hofu haikuja kabisa. Uchovu ungekuwa ndio chanzo, Jumapili ile ingekuwa mbaya kupita zote. Nilimuuliza alijisikiaje kule kwenye makontena, akaanza kunieleza kwa furaha jinsi alivyogundua mashine moja ilikuwa imeandikwa kwenye kifungu cha ushuru kisicho chake, akamwokolea mteja pesa nyingi na kumwepusha na faini. Mikono yake ilikuwa inaonyesha hewani makontena yalivyopangwa. Sikuwahi kumwona hivyo.

Christina Maslach na Michael Leiter, waliochunguza uchovu wa kazini kwa miaka mingi, walionyesha sehemu sita ambapo mtu na kazi yake hukosa kuoana: wingi wa kazi, uwezo wa kuamua, malipo na shukrani, uhusiano na wenzako, haki, na maadili. Faida ya kuzitenganisha ni kwamba kila moja ina dawa yake. Wingi wa kazi hupunguzwa. Malipo huongezwa. Ila maadili yakiwa ndiyo yamegongana, kumpunguzia mtu kazi au kumwongezea mshahara hakumfikii pale panapouma. Huyu bwana alikuwa amepandishwa cheo kutoka kazi iliyomfaa, ambayo ni kuujua mzigo na kuupitisha kwa haki, akapelekwa kwenye kazi ya kuwatuliza wenye mizigo kwa maneno yasiyo kweli. Mshahara ulipanda, kadi yake ya biashara ikabadilika, na kwa sababu kampuni ni ileile na njia ya kwenda kazini ni ileile, hakutambua kwamba amebadilisha kazi.

Hata hivyo hatukukimbilia barua. Nilitaka tujue ni kiasi gani cha hofu kinaweza kuondoka akiwa bado pale, na kiasi gani hakiondoki.

Jaribio la kwanza lilishindikana. Alizima simu Jumapili kuanzia adhuhuri. Hofu ikazidi, kwa sababu sasa alikuwa akikisia nani amepiga. Tukaliacha.

Jaribio la pili lilikuwa la Ijumaa. Masicampo na Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba jambo lisilokamilika huacha kumsumbua mtu akishaliwekea mpango mahsusi, hata kabla hajalimaliza. Kwa hiyo kila Ijumaa saa kumi alasiri alikaa na daftari, akaandika kila kontena iliyo mikononi mwake: iko siku ya ngapi, ushuru umelipwa au la, hatua inayofuata ni ipi, itafanywa na nani, saa ngapi. Si mkesha, ni kama nusu saa. Mistari ilikuwa kumi na zaidi.

Hofu ilipungua, hilo lazima lisemwe. Ilianza kuja saa moja usiku badala ya saa kumi na moja jioni, na kwenye feri akaanza tena kuzungumza na watoto. Lakini haikuisha, na tulipoliangalia daftari tuliona kwa nini. Mistari mingi ilikuwa na hatua inayofuata iliyo wazi, na hiyo haikumsumbua tena. Mitatu au minne, juma baada ya juma, iliandikwa hivi: "Ushuru haujalipwa, pesa zimetumika." Mbele yake palikuwa patupu. Hakuna mpango anaoweza kuupanga kwa pesa asizozishika na uamuzi usio wake. Hofu yote iliyobaki ilikuwa imekaa kwenye mistari hiyo.

Hapo ndipo mtu anapoweza kwenda kwa mwajiri wake na kitu cha kusema. Kumwambia bosi "sina raha" hakumpi bosi la kufanya. Tulitayarisha pendekezo moja: namba ya malipo ikitoka, mteja apelekewe namba hiyo alipe ushuru mwenyewe moja kwa moja, na kampuni ipokee pesa za huduma na gharama nyingine tu. Linawezekana, kampuni nyingine zinafanya hivyo, na wateja wangefurahi. Tukatayarisha na la akiba: kama hilo haliwezekani, arudi kwenye entri na ukaguzi, na mshahara upunguzwe.

Alichagua Jumatano, siku ambayo bosi hana presha ya kikao. Alirudi na majibu. Kuhusu la kwanza bosi alimwambia, bila ukali, "Bwana wee, pesa hizo ndizo zinazoiendesha ofisi hii. Mishahara yenu nadhani inatoka wapi?" Kuhusu la pili alisema atafikiria, lakini hawezi kumrudisha chini mtu aliyempandisha, wateja wataona kampuni inayumba.

Najua wapo watakaomwona bosi kuwa mtu mbaya. Mimi nilimwona mtu aliyeanza kwa kuziba pengo la wiki moja na sasa hawezi kulifunga. Hata hivyo jibu lake lilikuwa na manufaa makubwa kwetu, kwa sababu lilituambia kwamba kile kinachomtia mteja wangu hofu si hitilafu ya kampuni. Ndiyo namna kampuni inavyoishi. Meneja mwingine yeyote atakayekaa kwenye kiti kile atapewa orodha ileile ya simu.

Kuna jambo lingine nililolazimika kumwambia waziwazi. Jina lake lilikuwa kwenye ujumbe wa simu kwa wateja, akisema mfumo unasumbua siku ambazo ushuru ulikuwa haujalipwa. Mteja mmoja akiamua kwenda kwa wakili, ujumbe huo utasomwa kama wake. Nilimshauri kuanzia siku hiyo asiandike wala kusema sababu asiyoijua kuwa kweli. Akiulizwa, aseme: "Ushuru wako bado haujalipwa, tafadhali zungumza na mkurugenzi." Alitetemeka alipolisema mara ya kwanza. Bosi alikasirika siku mbili, kisha akaanza kupokea simu hizo mwenyewe. Jumapili iliyofuata alilala.

Mtu angeweza kuuliza kwa nini basi asibaki, kama simu zimehama. Tulilijadili sana, mkewe akiwepo. Kubaki kungemaanisha kukaa kwenye kikao cha Jumatatu akijua kontena ya nani inaachwa ipitishe siku, na kunyamaza. Alisema angeweza kuvumilia hilo kwa muda akiwa na tarehe ya mwisho, bila tarehe hawezi. Ilikuwa kauli ya mtu anayejijua, nami sikuona haja ya kumbishia.

Pesa ndizo zilizochukua mazungumzo marefu zaidi. Ada za shule za watoto watatu, mkopo wa sako, na fedha anazompa mama yake kila mwezi. Mkewe anauza nguo nyumbani na ana mapato yake. Waliandika matumizi ya mwezi, wakaona wanaweza kuishi kwa mshahara uliopungua kwa robo, wakiongeza muda wa mkopo na kuacha gari dogo walilotaka kununua. Chini ya hapo hawawezi. Kwa hiyo hakuacha kazi. Alianza kutafuta akiwa ndani, na alijua anatafuta nini: kazi ya kuushika mzigo wenyewe, kwa mwajiri ambaye pesa za ushuru ni zake mwenyewe. Hiyo iliondoa nafasi moja nzuri aliyopewa na kampuni nyingine ya kliaringi, yenye mshahara mkubwa na cheo kilekile. Alimuuliza mwenye kampuni hiyo swali moja, ushuru wa wateja unapitia akaunti gani, na kwa jibu alilopewa akashukuru akaondoka.

Cheti chake cha mafunzo ya forodha na uwakala kinachotambuliwa Afrika Mashariki, kile wanachokiita EACFFPC, kilimsaidia, pamoja na miaka yake ya kazi ya mikono. Ilimchukua miezi kadhaa. Hatimaye kiwanda kimoja kinachoagiza malighafi kikamchukua kusimamia mizigo yake bandarini. Mshahara ulipungua, ila haukufika robo.

Barua ya kuacha kazi ilibidi iandikwe upya. Ile ya Jumapili usiku ilitaja afya na ilikuwa inataka kuondoka siku hiyohiyo. Chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, mwajiriwa wa mshahara wa mwezi anatoa notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba wake unataka ndefu zaidi, na akiondoka bila notisi anaweza kudaiwa mshahara wa siku hizo. Sheria hiyohiyo inampa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kila mwaka, kwa hiyo siku alizokuwa hajazichukua ziliingia kwenye hesabu ya mwisho, na mwajiri analazimika kumpa cheti cha utumishi. Barua ya pili ilikuwa na mistari minne na haikutaja sababu. Aliiandika Jumanne mchana.

Katika siku za notisi alifanya jambo ambalo sikumshauri, lilitoka kwake. Aliandaa makabidhiano ya kontena zote kama alivyozoea Ijumaa, na kwenye kila mstari ambapo pesa za mteja zilikuwa zimetumika kwingine aliandika tarehe pesa zilipoingia na kiasi. Akamkabidhi bosi, akamwomba asaini nakala. Bosi alisoma ukurasa mzima kimya, akasaini, na kabla ya mwisho wa mwezi ushuru wa kontena mbili ulikuwa umelipwa. Mzee aliyehudhuria arusi yake alikuwa mmoja wa hao wawili.

Ana miezi mitano sasa kiwandani. Nilimwomba aendelee na karatasi ya Jumapili kwa muda, kwa sababu kazi mpya nayo huja na hofu yake, na si vizuri kuichanganya na ile ya zamani. Wiki za kwanza aliandika kwamba anaogopa hajui mashine za kiwandani na vijana wa stoo wanamwona mgeni. Hofu hiyo ilikuwa ikija saa mbili usiku, ilikuwa na hatua inayofuata, na kufikia mwezi wa tatu ilikuwa imekwisha. Sasa analalamika kuhusu mshahara, na kuhusu msimamizi mmoja anayechelewesha saini. Malalamiko hayo huyaleta Jumatano, tunayajadili kama malalamiko mengine.